Tovuti kwa Simu za Bei Rahisi: Mafunzo Niliyopata Mara

Tovuti tuliyoijenga ilikuwa ya bei na oda za dagaa: mzigo unatoka mwaloni Musoma, wanunuzi wako Bunda na Butiama, wengi wakiwa na simu zenye RAM ya gigabaiti 1 na bando la kubana.

1. Tenganisha uzito wa simu na uzito wa mtandao

Chukua simu ya aina hiyo, iunganishe na Wi-Fi nzuri, kisha fungua ukurasa. Ukisuasua hata hapo, usiisingizie laini. Dalili nyingine ni ukurasa kuonekana wote, lakini ukibonyeza hakuna kinachotokea: simu bado inahangaika na JavaScript. Dawa yetu ilikuwa kuiachia seva kazi hiyo, bei zije zikiwa zimeshaandikwa ndani ya HTML. Hata watu wa Opera Mini wakazisoma bila shida.

2. Pigia picha hesabu kabla ya kuiweka

Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, tuseme ya megabaiti 2, ni kama kilobiti 16,000. Kwa kasi ya kilobiti 400 kwa sekunde, ni sekunde 40 za kuangalia kiduara kikizunguka. Ipunguze hadi upana wa pikseli 480, ihifadhi kama WebP. Ikishuka hadi kilobaiti 40 inaingia chini ya sekunde moja, ukiacha muda wa kuipata seva.

```html
<img src="dagaa.webp" width="480" height="320"
     loading="lazy" alt="Dagaa wakavu">
```

Vipimo vya `width` na `height` huitengea picha nafasi yake mapema. Bila hivyo maandishi huruka picha inapoingia, na mtu aliyelenga kitufe cha kupiga simu anajikuta amebonyeza kingine. Ila picha ya juu kabisa usiiwekee `loading="lazy"`; utaichelewesha bure.

3. Oda inaweza kufika, jibu likapotea

Hili ndilo lililonifundisha zaidi. Mama mmoja wa Kiabakari alinionyesha kioo cha simu: "Mwanangu, hii imeenda au bado?" Kwenye seva oda ilikuwa imeshaingia, mtandao ulikatika jibu likiwa njiani. Angebonyeza tena, angeandikiwa magunia mara mbili.

Kuzima kitufe cha kutuma hakutoshi, maana mtu hufungua ukurasa upya. Tuliipa kila oda namba yake pale fomu inapofunguliwa mara ya kwanza, tukaihifadhi pamoja na alichojaza kwenye `localStorage` ya simu. Akituma tena, namba inakwenda ileile. Seva ikikuta inayo tayari, haiandiki oda ya pili, inarudisha jibu la kwanza. Jibu likifika, simu inaandika "Oda imepokelewa" na kufuta ilichohifadhi, kwa sababu simu hizi huazimwa, na namba ya simu ya mnunuzi haifai kumfikia jirani.