Vichwa kwanza, kamera baadaye: kupanga picha za mwezi mzima Bungu

Bungu iko juu ya milima ya Usambara Magharibi, upande wa Korogwe, na masika yakiisha mwezi Mei, Juni huingia na baridi na ukungu. Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima na waongoza wageni wa huko. Wanataka kuandika makala mbili kila wiki kwa mwezi wa Juni, na kila makala iwe na picha moja pana ya juu, pamoja na picha tano za kutelezesha kwenye Instagram na Facebook. Jumla ni makala 8 na picha 48. Haya ndiyo maswali yanayojitokeza mara nyingi watu wakianza kazi ya namna hii.

Tuanze na nini, kupiga picha au kuandika?

Anzeni na vichwa vya makala. Wengi hupanda mlimani na simu, wakarudi na picha mia za kuvutia, kisha wakagundua kuwa hakuna hata moja yenye mahali pa kuweka maneno. Jani la chai limejaa picha nzima, au uso wa mtu uko pale pale kichwa kilipotakiwa kukaa. Picha nzuri ya ukutani na picha nzuri ya kubeba kichwa ni vitu viwili tofauti.

Andikeni vichwa vyote 8 kwenye karatasi, kisha mtafute kile kirefu kuliko vyote. Hicho ndicho kitakachowapimia nafasi. Kiswahili kina maneno marefu, na simu haijui kuyakata vizuri mwishoni mwa mstari.

Picha ya wima inayofaa Instagram ni pikseli 1080 kwa 1350. Mkiacha pambizo la pikseli 90 kila upande, mnabaki na upana wa 900. Herufi nene za ukubwa wa pikseli 90 huingia kama 18 kwa mstari mmoja. Sasa pimeni kichwa hiki: "Mambo yanayopaswa kufahamika kabla ya kupanda milimani". Mstari wa kwanza unabeba "Mambo yanayopaswa", wa pili "kufahamika kabla", wa tatu "ya kupanda", na "milimani" inaangukia mstari wa nne. Kila mstari na hewa yake hula kama pikseli 104, kwa hiyo mistari minne ni zaidi ya 400. Ukiongeza pambizo la juu, unapita pikseli 500, ilhali theluthi ya juu ya picha ina 450 tu. Maneno yatashuka mpaka kwenye paji la uso wa mchuma chai.

Dawa si kupunguza herufi kwa kichwa kimoja hicho, maana hapo ndipo mwonekano unapoanza kuvunjika. Dawa ni kukihariri kichwa. "Kabla ya kupanda milimani" inakaa mistari miwili na haijapoteza kitu. Wekeni sheria: mistari mitatu, basi. Kichwa kisichoingia kinarudi kwa mwandishi, hakiendi kwa mbunifu.

"Mwonekano mmoja" maana yake picha zote zifanane?

Hapana. Tazameni kanga. Ina pindo, ina mji, na ina jina ambalo hukaa mahali pale pale, chini ya mji, ndani ya kisanduku chake. Maua, rangi na maneno hubadilika kila toleo, lakini hakuna anayeiona akadhani ni kitambaa kingine, na hakuna anayehangaika kutafuta maandishi yako wapi. Kinachoifanya itambulike ni mpangilio usiohama.

Fanyeni hivyo hivyo. Chagueni vitu vichache visivyohama mwezi mzima: mahali pa kichwa, aina moja ya herufi yenye unene wa aina mbili, na rangi tatu. Mandhari, watu na mada vibadilike vitakavyo. Binafsi naona rangi tatu zinatosha hata kwa mwaka. Nikiona ukurasa wenye rangi saba huwa nadhani kila mwanakikundi alileta yake.

Kabla ya kuamua herufi, andikeni kwazo neno "ng'ombe". Baadhi ya herufi za mapambo hazina kistari hicho cha juu, au hukiweka mbali na neno hadi linasomeka kama mawili.

Tuchague rangi gani, na tutajuaje kama maneno yatasomeka?

Zichukueni kwenye mazingira yenyewe. Kwa Bungu ningependekeza kijani kizito cha msitu, `#1F4D36`, wekundu wa udongo, `#A4482B`, na rangi ya maziwa, `#F6F1E4`, kwa maandishi. Rangi ya nne hamuichagui nyinyi, inakuja na hali ya hewa: kijivu cha ukungu, kama `#C9CFCB`, ambacho Juni kitakuwa nyuma ya nusu ya picha zenu.

Hapa ndipo kosa kubwa la milimani hutokea. Watu huzoea maandishi meupe juu ya picha, kwa sababu mfano waliouona ulikuwa na bahari ya buluu au usiku wa mjini. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yapishane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa angalau 3 kwa 1. Rangi ya maziwa juu ya kijani cha msitu inatoa zaidi ya 8. Juu ya udongo mwekundu inatoa kama 5. Juu ya ukungu inatoa 1.4 tu, yaani ni kama hamjaandika kitu. Lakini geuzeni, mwandike kwa kijani kizito juu ya ukungu huo huo, na uwiano unapanda hadi 6.

Kwa hiyo sheria ya Bungu ni fupi. Kichwa kikikaa juu ya ukungu au anga, kiandikwe kwa kijani. Kikikaa juu ya msitu, chai au udongo, kiandikwe kwa rangi ya maziwa. Nafasi haibadiliki, rangi ya maandishi ndiyo inayopinduka. Vivuli vya herufi na mistari ya kuzizungushia sivipendi. Mara nyingi ni dalili kwamba picha haikuachiwa nafasi tangu mwanzo.

Njia ya kujikagua ni rahisi kuliko hesabu. Punguzeni picha mpaka iwe na upana wa kijisanduku cha kiberiti kwenye skrini, tokeni nje kwenye mwanga wa jua, kisha mpeni mtu ambaye hakijui kichwa akisome.

Tukiwa shambani tupigeje ili nafasi ibaki?

Washeni mistari ya gridi kwenye kamera ya simu. Inaigawa skrini mara tatu kwa tatu. Kitu chenu muhimu, mikono inayochuma, kikapu, mtu aliyesimama kwenye njia, kikae theluthi ya chini au ya kati. Theluthi ya juu iwe na kitu kimoja tulivu: ukungu, anga, mteremko wa chai ulio mbali. Rudini nyuma hatua kadhaa kuliko mnavyozoea. Picha mnayoiona ni tupu mno shambani ndiyo itakayotosha mezani.

Kila mandhari ipigeni mara mbili, mara simu ikiwa wima na mara ikiwa imelala. Simu nyingi zina pikseli za kutosha kukata picha pana kutoka kwenye ya wima, lakini mkikata, ile nafasi ya kichwa ndiyo huondoka kwanza.

Ukungu una hila yake. Kamera hudhani weupe mwingi ni mwanga uliozidi, ikaupunguza, na ukungu ukatoka rangi ya majivu. Bonyezeni na kushikilia sehemu yenye mtu au majani mpaka kipimo kijifunge, kisha pandisheni mwanga kidogo. Pigeni zote ndani ya saa zile zile, tuseme saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Jua la mchana hufanya majani ya chai yang'ae kama vioo vyeupe, na picha hiyo haitakaa pamoja na za asubuhi hata muihariri vipi.

Mtu anayetambulika usoni aombwe ridhaa kabla. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, mama anayechuma chai ana haki ya kujua sura yake inakwenda wapi.

Picha ya juu ya makala ina vipimo gani, na iandikwe kichwa?

Pikseli 1200 kwa 630. Ni umbo ambalo Facebook na WhatsApp hulitumia kiungo kikishirikiwa, kwa hiyo picha moja inafanya kazi mbili. WhatsApp mara nyingine huikata ikawa mraba mdogo wa katikati, basi kitu muhimu kikae ndani ya pikseli 630 za kati.

Kuhusu kuiandika, ushauri wangu ni kuiacha bila maneno. Kichwa tayari kinaonekana kama maandishi juu au chini yake, na pia pembeni ya kiungo kwenye WhatsApp. Mkikichoma ndani ya picha kitatokea mara mbili, na kwenye simu ndogo kitakatwa pande zote. Kama ukurasa wenu hulaza kichwa juu ya picha, acheni nafasi tu, ukurasa ujaze wenyewe. Faili liwe chini ya kilobaiti 300, kwa ajili ya msomaji anayehesabu bando.

Zile tano za kutelezesha zote zinahitaji picha?

Hazihitaji, na hapo ndipo kazi inapopungua. Ya kwanza ina picha kamili na kichwa. Ya pili hadi ya nne ziwe rangi tupu, kijani au udongo, zenye wazo moja kila moja na pengine picha ndogo ya karibu: kidole na jani, matope kwenye kiatu. Ya tano inaeleza mahali na namna ya kuwafikia. Kwa mwezi mzima mnahitaji mandhari 8 tu zenye nafasi.

Zote tano ziwe za umbo moja, kwa kuwa Instagram huzikata zinazofuata zifuate umbo la ya kwanza. Tangu mwanzoni mwa 2025 ukurasa wa wasifu huonyesha picha kwa umbo la 3 kwa 4, hivyo ile ya 1080 kwa 1350 hupoteza kama pikseli 34 kila upande. Pambizo lenu la 90 linalimudu hilo.

Tufanye nini picha moja ikiharibika katikati ya mwezi?

Mvua ikinyesha au mtu akiondoa ridhaa yake, msikope picha ya mtandaoni yenye jua la pwani. Tumieni ukurasa wa kijani mtupu wenye kichwa mahali pake pa kawaida. Tayarisheni miwili ya namna hiyo tangu mwanzo, muihifadhi pamoja na nyingine kwa majina yanayojipanga yenyewe, mfano `06-akiba-1.jpg`.