Dondoo Muhimu: Kusoma Ripoti ya Wanaobahatisha Bei ya Dhahabu

Kwa kawaida kila Ijumaa, CFTC, tume ya Marekani inayosimamia mikataba ya baadaye, yaani makubaliano ya kununua au kuuza bidhaa siku zijazo kwa bei iliyopangwa leo, huchapisha hali ya mikataba hiyo ilivyokuwa Jumanne, kwa hiyo taarifa humfikia msomaji ikiwa imechelewa siku tatu. Katika dhahabu ya soko la COMEX, ambako mkataba wa kawaida ni wakia 100, kundi la kutazamwa kwanza ni mameneja wa fedha, wanaobahatisha bei kwa niaba ya wateja.

Kosa la kawaida ni kusoma tu tofauti kati ya mikataba yao ya kununua na ya kuuza. Tuseme tofauti hiyo imepanda kutoka 100,000 hadi 120,000: ikiwa mikataba ya kununua imebaki 150,000, huku ya kuuza ikishuka kutoka 50,000 hadi 30,000, matumaini ya kupanda kwa bei hayajaongezeka, bali waliotarajia ishuke wamefunga mikataba yao kwa kununua, na msukumo wa ununuzi huo hukoma wafungaji wanapokwisha. Kinyume chake, mikataba ya kununua ikiongezeka pamoja na jumla ya mikataba iliyo wazi sokoni, fedha mpya zimeingia.