Kitenzi Kimoja, Kitendo Kimoja: Namna ya Kutafsiri Kadi za Matengenezo ya Ndege

Fundi wa ndege wa Kivu Kusini hufanya kazi katikati ya lugha nne. Vitabu vya matengenezo vya Cessna Caravan na Let L-410, ndege ndogo zinazojulikana sana mashariki mwa Kongo, anavisoma kwa Kiingereza. Barua za mamlaka ya usafiri wa anga huja kutoka Kinshasa kwa Kifaransa. Chini ya bawa, mafundi husemezana kwa Kiswahili, na aliyekulia Nyangezi huenda alianza kuzungumza kwa Mashi. Kadi ya kazi, yaani karatasi inayotaja hatua moja baada ya nyingine na kuacha nafasi ya sahihi, hupita katika lugha hizo zote. Haya ndiyo ya kuzingatia ukipewa kazi ya kuiandika kwa Kiswahili.

Tafsiri ikae kando ya maandishi asilia

Maandishi yaliyoidhinishwa ni yale ya mtengenezaji. Kanuni ya Ulaya ya karakana za ndege, 145.A.45, inataka kadi ama inakili maelezo hayo kwa usahihi au itaje kwa uhakika kazi inayohusika katika kitabu. Fundi anayeidhinisha ndege kuruka naye anatakiwa aielewe lugha ya kitabu chenyewe. Kwa hiyo gawa ukurasa safu mbili: kushoto maandishi asilia bila kuguswa, kulia Kiswahili, kila hatua ikiwa na nambari ileile pande zote mbili. Sahihi iwekwe upande wa kushoto. Juu ya ukurasa andika kwamba pande mbili zikitofautiana, kazi inasimama na upande wa kushoto ndio unaofuatwa.

Chagua kitenzi, kisha usikibadilishe

Huku kwetu tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga nati. Katika mazungumzo hakuna anayepotea. Kwenye kadi, neno hilo moja linaweza kumaanisha kurudisha kifuniko mahali pake, kukaza nati kwa nguvu iliyopimwa, au kupitisha waya wa usalama ili nati isilegee kwa mtetemo. Ni vitendo vitatu vyenye vifaa vitatu tofauti, na fundi aliyefanya kimoja anaweza kuamini amemaliza vyote.

Kabla ya kutafsiri hata sentensi moja, tengeneza orodha ya vitenzi pamoja na msimamizi wa karakana. *Funga* iwe ya vifuniko na milango tu. *Kaza* iwe ya nati na bolti. *Zuia kwa waya* iwe ya waya wa usalama. Vivyo hivyo, *fungua* ni kifuniko, *legeza* ni nati inayobaki mahali pake, *ondoa* ni kitu kinachotoka kwenye ndege. Mwalimu wa insha angekushauri usirudie neno. Hapa rudia lilelile hata mara kumi katika ukurasa, kwa sababu fundi akiona neno jipya ana haki ya kudhani ni kitendo kipya.

*Angalia* lina hatari kubwa zaidi. Kadi hutofautisha ukaguzi wa jumla kwa macho, GVI, unaotafuta kasoro zilizo wazi, na ukaguzi wa kina, DET, ambao huhitaji mwanga wa ziada na pengine kioo, lenzi au kusafisha kwanza. Hutofautisha pia jaribio la kuona kama kifaa kinafanya kazi, OPC, na jaribio la kupima kama kinafanya kazi ndani ya viwango, FNC. Acha vifupisho hivyo kama vilivyo na uvipe majina manne ya Kiswahili yasiyobadilika. *Angalia* peke yake lisionekane popote kwenye kadi.

Mipaka na nambari

*Mpaka* na *hadi* yana sura mbili. "Kaza mpaka 100" inaweza kusomeka kuwa fika 100, au usipite 100. Andika *isizidi*, *isipungue*, au *kuanzia 95 hadi 100, zote mbili zinakubalika*.

Aliyesoma kwa Kifaransa huiona alama ya mkato kama mwanzo wa desimali. Kitabu cha Kiingereza kikiandika 1,250 psi, yeye anaweza kusoma moja na robo. Katika safu ya Kiswahili andika 1250 psi. Vipimo vyenyewe usivigeuze kamwe: in-lb ibaki in-lb, kwa kuwa ndicho kipimo kinachotajwa kwenye kitabu. Ukiiandika kama ft-lb, umeizidisha nguvu mara 12.

Mfano: kebo ya usukani

Tuseme kadi inahusu kebo ya usukani na kikaza-kebo chake, kile kipande chenye skrubu pande mbili kinachovuta kebo. Rasimu ya haraka ingekuwa hivi:

*Angalia kebo na kikaza-kebo, kama imekatika ibadilishe. Funga kikaza-kebo, meno yaonekane mpaka 3. Funga vizuri.*

Msemaji yeyote wa Kiswahili ataielewa, na hapo ndipo hatari ilipo. "Imekatika" ni nini, uzi mmoja au kebo nzima? "Ibadilishe" ni ipi? Bolti, washa, pampu, kebo: karibu maneno yote tuliyokopa yanaingia ngeli moja, kwa hiyo *i-* inaweza kushika lolote kati yake. Meno 3 ni lengo au ni kikomo? Na "funga vizuri" ya mwisho inarudia kazi au inataka waya?

Sasa iandike upya:

1. *Kagua kebo kwa kina (DET). Pitisha kitambaa kikavu juu ya kebo kwa urefu wote. Kitambaa kikinasa, tafuta nyuzi zilizokatika mahali hapo.*
2. *Nyuzi zilizokatika zikizidi kikomo cha kitabu, badilisha kebo. Usibadilishe kikaza-kebo kwa sababu hiyo.*
3. *Zungusha kikaza-kebo. Pima mvutano wa kebo kwa kipima-mvutano. Soma kikomo kwenye jedwali la halijoto.*
4. *Hesabu meno ya skrubu yanayoonekana nje ya kikaza-kebo. Kila upande, meno yasizidi 3.*
5. *Zuia kikaza-kebo kwa waya wa usalama.*

Kila sentensi ina amri moja, na nomino imerudiwa badala ya *i-*. Onyo la kuumia mtu liandikwe ONYO, la kuharibika kifaa TAHADHARI, na yote mawili yatangulie hatua inayohusika. Likija baada ya hatua, mkono umeshafika.

Jaribu kabla ya kutumia

Mpe fundi safu ya Kiswahili peke yake, airudishe kwa Kifaransa au Kiingereza bila kuona asilia. Kisha wapeleke mafundi wawili mbele ya ndege iliyozimwa, kila mmoja kwa wakati wake. Kwa kila hatua aseme atashika nini, kwa kifaa gani, na atajuaje kwamba amemaliza. Majibu yao yakitofautiana, usiwafundishe: andika sentensi upya. Ukiwaeleza wewe mwenyewe, umewasaidia wawili hao tu, na kadi imebaki na kosa lake kwa fundi wa zamu ya usiku.

Mwisho, kila ukurasa ubebe nambari ya toleo la kitabu, tarehe yake, na nambari za ndege zinazohusika. Mtengenezaji akitoa toleo jipya, nakala zote za zamani ziondolewe karakanani siku hiyohiyo, hata kama hatua uliyotafsiri inaonekana haijabadilika. Ilinganishe kwanza na toleo jipya, neno kwa neno, ndipo uirudishe kazini.