Dondoo muhimu: Kulinganisha daftari la benki na taarifa ya benki

Mfano: Machi 31, daftari la duka la vifaa vya ujenzi linaonyesha salio la shilingi 2,450,000. Taarifa ya benki inasema 2,535,000.

Anza na upande wa benki. Weka tiki kwenye kila kiasi kinachoonekana pande zote mbili, kisha tazama kilichobaki. Hundi ya 400,000 aliyopewa msambazaji haijawasilishwa benki: itoe. Mauzo ya 300,000 yaliyopelekwa benki jioni ya tarehe 31 hayajaingizwa: yajumlishe. Unapata 2,435,000. Usiviandike tena daftarini, tayari vimo.

Kisha rekebisha daftari. Benki imekata ada ya 15,000. Iandike kama gharama, na salio litashuka hadi 2,435,000. Pande mbili zimekutana.

Zikikataa kukutana, gawa tofauti kwa 2 na utafute kiasi hicho; huenda kilijumlishwa mahali pa kutolewa. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi, kama 54,000 kuandikwa 45,000.

Fuatilia mwezi unaofuata. Fedha zilizokuwa njiani zinapaswa kuonekana siku za mwanzo za Aprili. Zisipoonekana, dai stakabadhi ya benki kwa aliyezipeleka. Hundi iliyopitisha miezi 6 kwa kawaida hukataliwa: rudisha kiasi chake kwenye salio la daftari, na deni la msambazaji lirudishwe pia, kwa kuwa bado hajalipwa.