Kusoma Tarakimu za Bajeti: Nukta, Koma na Laki

Kila mwaka, makadirio ya bajeti hufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Katika vikao vya kukusanya maoni, majedwali mara nyingi huwa kwa Kiingereza ilhali maelezo hutolewa kwa Kiswahili. Hapo ndipo kiasi kinaweza kubadilika mdomoni bila mtu kukusudia.

Chukua mfano wa zahanati iliyotengewa 3.05 katika jedwali ambalo viwango vyake ni vya mamilioni ya shilingi. Msomaji akisema "milioni tatu nukta tano", wasikilizaji wataandika 3,500,000. Kiasi halisi ni 3,050,000, yaani milioni tatu na elfu hamsini. Tofauti ni Sh450,000. Mwanakandarasi akiitisha Sh3,400,000, wakazi wataona bado ziko fedha za ziada, kumbe amezidisha Sh350,000 juu ya bajeti.

Njia rahisi ya kuepuka kosa hili ni kujua kila tarakimu baada ya nukta inasimamia nini. Katika mamilioni, ya kwanza ni laki, ya pili ni makumi elfu na ya tatu ni maelfu. Kwa hivyo 3.05 haina laki yoyote, na ina makumi elfu matano. Sifuri hiyo lazima isomwe: "milioni tatu nukta sifuri tano". Katika mabilioni, tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni mamia ya milioni.

Neno laki nalo linahitaji uangalifu linapopelekwa kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza cha ofisi zetu hakina neno moja la kiasi hicho. Laki moja ni 100,000, na laki kumi na mbili ni 1,200,000. Neno hili lina asili ya India, ambako koma huwekwa hivi: 12,00,000. Nchini Kenya, koma hutenga tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, hata kama msemaji ametaja laki.

Mwisho ni elfu. "Elfu ishirini na tano" huweza kueleweka kuwa 25,000 au 20,005. Anayemaanisha 25,000 aseme "ishirini na tano elfu".

Kabla ya kutia saini kumbukumbu za kikao, mkazi aombe kila kiasi kiandikwe kwa tarakimu kamili, bila kufupishwa kwa milioni wala laki, kisha akilinganishe na jedwali. Iwapo 3.05 imeandikwa 3,500,000, marekebisho yafanywe hapo hapo.