Chujio la katikati: kwa nini kilichozuiwa kinarudi

Katika kitivo chetu tunasema mara nyingi kwamba neno hubeba wazo pamoja nalo. Nimechagua neno moja, "chujio", na jaribio moja la fizikia ambamo neno hilo linampeleka msomaji kwenye jibu lisilo sahihi.

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walipasha fedha moto katika tanuru hadi ikawa mvuke. Ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, walipitisha mkondo mwembamba wa atomu za fedha kati ya ncha mbili za sumaku. Nguvu ya sumaku hiyo haikuwa sawa kila mahali, kwa hiyo iliweza kuzisukuma atomu kando. Mkondo haukusambaa tu, bali uligawanyika sehemu mbili. Leo tunajua kwamba sababu yake ni spini ya elektroni, yaani tabia inayoifanya atomu iwe kama sumaku ndogo. Ukipima spini kwenye mhimili wowote, unapata moja tu kati ya majibu mawili. Kwenye mhimili wa wima ni juu au chini. Kwenye mhimili wa ulalo ni kulia au kushoto.

Sasa tuzibe njia moja kati ya hizo mbili baada ya sumaku. Kifaa hicho kizima ndicho ninachokiita chujio.

Tuchukue atomu 1000 zilizokwisha kupita chujio la juu. Tukiweka mbele yake chujio la chini, hakuna hata moja inayopita. Hadi hapa hakuna ajabu. Lakini tuweke kati yake chujio la tatu, linaloruhusu kulia tu. Kwa wastani atomu 500 zinalipita. Zikifika kwenye chujio la chini, nusu yake, yaani 250, zinapita. Tumeongeza kizuizi, na mkondo uliokuwa umekufa umefufuka.

Anayeandaa unga wa bukari hawezi kukubali habari hii. Chekeche haliumbi chembe, linachagua zilizokuwamo. Chembe kubwa zikiisha kuondolewa, hakuna chekeche la pili litakalozirudisha. Hapo ndipo neno linapotudanganya. Tunaposema "chujio", tunadhani kila atomu ilikuja na vyeti viwili mfukoni, kimoja cha wima na kingine cha ulalo, na kwamba chujio linavisoma tu. Kama ingekuwa hivyo, zile 500 zingekuwa bado ni "za juu", na chujio la chini lingezizuia zote.

Ukweli ni kwamba atomu iliyo na jibu la hakika kwenye mhimili wa wima haina jibu lolote la hakika kwenye ule wa ulalo. Hali ya "juu" ni muungano wa kulia na kushoto kwa uzito sawa. Hali ya "kulia" nayo ni muungano wa juu na chini. Tukibakiza kulia peke yake, hakika ya juu imepotea, na chini imekuwa jibu linalowezekana tena.

Mtu anaweza kupinga: labda sumaku ya katikati inazigonga atomu na kuzigeuza tu. Pingamizi hili lina jibu. Tuseme sumaku ya katikati inatenganisha kulia na kushoto, lakini hatuzibi njia yoyote, kisha tunaziunganisha tena kwa uangalifu bila kuacha alama yoyote ya njia iliyopitwa. Chujio la mwisho halipitishi kitu: sifuri. Tukiziba kushoto, zinapita 250. Tukiacha njia zote mbili wazi lakini tukaandika kila atomu imepita wapi, zinapita 500. Kama kosa lingekuwa la sumaku, hesabu ya kwanza isingekuwa sifuri. Kuunganisha njia hivyo kwa atomu za fedha ni kazi ngumu mno, kwa sababu kasoro ndogo ya sumaku inaharibu muungano. Lakini kwa nyutroni, ambazo nazo zina spini ya majibu mawili, muungano wa namna hii umeonekana maabara.

Kwa hiyo nini cha kufanya na neno letu? Sidhani lazima tulitupe. Ninapendekeza tubadilishe kitenzi kinacholifuata. Tusiseme "atomu zilizokuwa za kulia zimepita", kwa maana "zilizokuwa" inadai kwamba kulia kulikuwako kabla ya swali. Tuseme "atomu zilizojibu kulia zimepita". Mwanafunzi akiisoma sentensi ya kwanza atatabiri sifuri. Akiisoma ya pili, ana nafasi ya kuzifikia zile 250.