Supavaiza Akikudai Ushahidi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Tuseme wewe ni fundi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha sukari huku Kabras. Umelala na malaria Jumatatu hadi Jumatano. Alhamisi unarudi, na asubuhi yake, kabla hujavaa ovaroli, simu inaleta ujumbe: "Unasema ulikuwa mgonjwa lakini umeonekana sokoni Malava. Leta ushahidi." Uliyeonekana ni wewe kweli, ukitoka kununua dawa. Sasa fuata haya.

Usijibu papo hapo ukiwa na hasira. Hakuna sheria inayokutaka ujibu kwa dakika moja. Kunywa maji, kaa kando, usome ujumbe mara ya pili, kisha utenganishe mambo mawili yaliyomo: tuhuma na ombi. Tuhuma ni kwamba ulionekana sokoni. Ombi ni ushahidi. Anza na ombi.

Usimwambie kwamba hana haki ya kuuliza. Anayo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, ndani ya miezi 12. Lakini inadai cheti cha kutoweza kufanya kazi. Inadai pia umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, wewe mwenyewe au kupitia mtu mwingine. Wengi huku hujikwaa hapo pa pili: mtu ni mgonjwa kweli, ila amemwambia jirani wa zamu kwa mdomo, na jirani amesahau.

Toa karatasi inayofaa. Risiti ya duka la dawa inaonyesha ulinunua dawa, basi. Kitabu cha matibabu kinaonyesha ulitibiwa. Kinachotakiwa ni cheti kinachosema huwezi kufanya kazi, kuanzia tarehe fulani hadi fulani, chenye sahihi ya daktari au ya mtu anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Zahanati ya kijijini inatosha. Si lazima hospitali kubwa. Kiombe siku ile ile unayotibiwa, na kabla ya kuondoka dirishani hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mhuri ukiwa hausomeki, omba upigwe tena.

Usinunue cheti. Hili silegezi hata kidogo. Ofisi ikitilia shaka karatasi, itauliza hospitalini kama jina na nambari yako vimo kwenye rejista ya siku hiyo. Vikikosekana, hoja si siku tatu tena. Ni udanganyifu, na hapo hata chama cha wafanyakazi hakina la kukutetea. Kama hukwenda hospitali, sema hukwenda, taja aliyekuuguza, na uombe siku hizo zikatwe kwenye likizo yako ya mwaka, ambayo kisheria haipungui siku 21. Anaweza kukataa. Bado una msimamo mzuri kuliko mwenye karatasi ya uongo.

Jibu kwa maandishi, kwa ufupi, kwa heshima. Hivi:

"Habari za asubuhi, mkubwa. Nimepata ujumbe wako. Nilikuwa mgonjwa tarehe 2 hadi 4. Nilikutumia ujumbe tarehe 2 saa kumi na moja jioni, kabla ya zamu. Cheti kinaonyesha nipumzike siku tatu. Nitakileta ofisini leo saa nane. Tarehe 3 nilipita sokoni Malava kununua dawa nilizoandikiwa, risiti ninayo. Kama kuna karatasi nyingine inayohitajika, niambie."

Tazama jambo la sokoni lilivyokaa. Halikufichwa, wala halikutangulia, na hukuuliza ni nani aliyepeleka habari. Ukianza kumtafuta aliyekusema, utakuwa umehama kutoka kwa tarehe zako hadi kwenye ugomvi wa watu.

Usiweke cheti kwenye kikundi cha WhatsApp cha zamu, hata kama swali liliulizwa humo. Habari za afya ni data nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Andika tu, "Nitakuletea ofisini, mkubwa." Peleka nakala, ubaki na halisi, na uombe nakala yako ipigwe mhuri wa kupokewa.

Kwa msiba, usidhani sheria inakulinda vivyo hivyo. Sheria ya Ajira haitaji likizo ya matanga; itafute kwenye mkataba wako au makubaliano ya chama. Kibali cha mazishi au barua ya naibu wa chifu ndiyo karatasi ya kubeba.

Ukipewa barua ya kujieleza, usikae kimya. Kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali kunahesabiwa kuwa kosa kubwa katika kifungu cha 44, na kunaweza kumfukuzisha mtu. Lakini kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize kwanza, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua wewe. Jibu barua kabla ya muda iliyoweka kwisha, kwa tarehe zile zile za ujumbe wa kwanza, na uambatishe nakala ile yenye mhuri wa kupokewa.